Mbuzi wa Msamaha

Nilimchukia yule mbuzi kabla hata sijajua rangi yake. Wakili hapaswi kuchukia mnyama aliyekwisha kufa, najua, lakini kila nilipoifungua upya kesi ya Ruffin Habineza nilimkuta mbuzi amesimama katikati ya njia, na hakuna namna ya kumzunguka.

Jina langu ni Clarisse Umuhire, wakili, au Maître kama tunavyoitwa hapa Goma. Wenzangu husema nina mdomo mkali, na hawajakosea. Mambo haya yalitokea kabla volkano haijamwagika mara ya mwisho, wakati raia wa mji wetu walikuwa bado wanahukumiwa na majaji wa kiraia. Ruffin alikuwa mfugaji. Familia yao iliteremka kutoka milima ya Masisi ikakaa upande wa Lac Vert, kwenye njia ya Sake, naye akiwa na ng'ombe wachache na shemeji mmoja mgumu. Shemeji huyo, Twagirimana, alikuwa mume wa dada yake, Perpétue. Siku moja ng'ombe wa Ruffin waliingia katika maharagwe ya Twagirimana, maneno yakapanda, na Ruffin akampiga shemeji yake fimbo ya kichwa. Twagirimana akaanguka chini. Asubuhi iliyofuata alikutwa amekufa.

Ukinisimulia mpaka hapo tu, hata mimi nitasema Ruffin ameua. Ndivyo walivyosema polisi, na ndivyo alivyosema Magistra Florent, mwendesha mashtaka, mtu mpole wa sauti ambaye upole wake umepeleka watu wengi gerezani. Shtaka lilikuwa kupiga na kujeruhi kwa makusudi kulikosababisha kifo, bila nia ya kuua. Kwa sheria yetu ni kifungo cha miaka mitano hadi ishirini. Ruffin alikuwa amekwisha kuota mvi. Miaka ishirini katika gereza letu, mtu wa umri ule hatoki kwa miguu yake.

Lakini hadithi haiishii kwenye fimbo. Twagirimana aliinuka, akaoshwa jeraha, akakataa kwenda hospitali. Jioni ile ile wazee wa pande zote mbili waliwakalisha. Ruffin alikubali kosa mbele ya watu, akaleta mbuzi wa kuomba msamaha, na Twagirimana akaipokea kamba mkononi mwake mwenyewe. Wakanywa pombe ya ndizi kutoka kibuyu kimoja. Kisha, kulipopambazuka, Twagirimana akakutwa ndani ya shimo la mawe nyuma ya shamba lake. Mbuzi alikuwa amelala pembeni yake. Wote wawili wamekufa.

Mtu wa Goma akisikia "shimo" na "alfajiri", anajua jibu kabla hujamaliza: mazuku. Ni hewa mbaya inayotoka chini ya mawe ya volkano. Haionekani. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo usiku, upepo ukitulia, inajaa mabondeni kama maji katika beseni na kungoja jua liitawanye. Inaua mbuzi, inaua ndege, inaua watoto waliotumwa kuni. Wenyeji huweka alama, vijiti vyenye kitambaa chekundu, ili watu wapite mbali.

Basi ni mazuku iliyoua, si fimbo, na Ruffin arudi nyumbani? Laiti sheria ingekuwa rahisi hivyo. Ukimpiga mtu akazimia barabarani na lori likampitia, huwezi kusimama mbele ya jaji ukasema ni lori. Wewe ndiye uliyemlaza pale. Swali halikuwa nini kilimmaliza Twagirimana. Swali lilikuwa kama ile fimbo ilikuwa bado inafanya kazi alipofika shimoni.

Nilimweleza Ruffin hayo gerezani, mara ya kwanza tulipoonana. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, halafu akasema neno lililonifanya nitake kumtikisa mabega.

"Maître, usijisumbue. Miye njo nilimuua."

"Ulimpiga. Kuua ni neno lingine."

"Ile mbuzi ilikuwa yangu. Miye njo nilileta mbuzi. Kama sikuleta mbuzi, shemeji angekuwa muzima."

"Hayo umemwambia nani mwingine?"

"Nilibaambia bapolisi. Nilibaambia na Prokirere."

Nilifunga macho. Nina hasira za karibu, na siku ile nilizimeza kwa shida sana. Mimi napigania asife gerezani, naye anakabidhi kamba yake mwenyewe kwa mwendesha mashtaka, tena kwa mikono miwili, kwa sababu ya roho safi. Nilimwambia kuanzia siku ile afunge mdomo. Akaniitikia kwa adabu, lakini macho yake yalisema hataki kuokolewa.

Kikao cha kwanza kilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Majaji walikuwa watatu, na mkubwa wao, Président, alikuwa mzee mwenye miwani minene asiyependa hotuba ndefu. Nyuma yangu, kwenye mabenchi, alikaa Havugimana, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuwa amejiunga na kesi kudai haki ya familia. Pembeni yake alikaa Perpétue. Mjane wa aliyekufa, dada wa aliyeshtakiwa. Wakwe zake walimzunguka huku na huku, kama anayelindwa au anayechungwa, sikuweza kujua.

Magistra Florent alianza na kichwa. Alisema kuna watu wanaopigwa, wanainuka, wanazungumza, wanacheka, na baada ya saa kadhaa wanakufa kwa sababu damu ilikuwa inavuja polepole ndani ya fuvu. Ni kweli kabisa. Niliijua hoja hiyo, na ndiyo iliyoninyima usingizi. Daktari aliyeupasua mwili kwa amri ya mwendesha mashtaka alisimama.

"Niliufungua fuvu," alisema. "Ngozi ilichanika. Mfupa haukuvunjika. Ndani hakuna damu iliyovuja. Mapafu yalikuwa kama ya mtu aliyekosa hewa."

"Kwa hiyo kipigo hakikumuua?" niliuliza.

"Kipigo peke yake, hapana."

Nilitaka kukaa nikitabasamu, lakini Magistra Florent alikuwa amekwisha kuinuka, taratibu, kama mtu anayeinuka kuongeza chumvi kwenye mboga.

"Daktari, mtu aliyepigwa kichwani hivyo, anaweza kuwa na kizunguzungu kesho yake?"

"Anaweza."

"Anaweza kuyumba? Kupotea njia? Kuanguka mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hawezi kwenda?"

"Anaweza. Kama alikuwa hivyo au la, mimi siwezi kusema. Ubongo wa maiti hauniambii kama ulikuwa na kizunguzungu."

Hapo ndipo kesi ilipopasuka vipande viwili. Kama Twagirimana alitoka nyumbani akiyumba kwa sababu ya fimbo na kutumbukia shimoni, mazuku haimwokoi Ruffin hata kidogo. Atakuwa kama yule aliyemlaza mtu mbele ya lori. Kama alitoka akiwa mzima, akijua anakokwenda, akaenda kwa hiari yake, basi kazi ya fimbo ilikuwa imekwisha, na kilichomuua ni kitu kipya kilichosimama kwa miguu yake chenyewe. Alikuwa katika hali gani alfajiri ile? Mtu mmoja tu alikuwa nyumbani kumwona. Niligeuka nikamtazama Perpétue. Akatazama sakafu.

Président aliamua mahakama iende yenyewe kuona mahali, asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda. Mjane asikilizwe hapo hapo.

Nilimtafuta Perpétue kabla ya siku hiyo, nikaenda mpaka kwake. Nilimkuta anachambua maharagwe, yale yale yaliyoleta ugomvi, nadhani, au ndugu zake. Hakunikaribisha kiti. Nilisema nilichokuja kusema: simwombi aongeze wala apunguze, naomba ukweli tu, kwa sababu ukweli ndio uliobeba maisha ya kaka yake.

"Sina kitu ya kusema, Maître."

"Alikuwa anayumba asubuhi ile?"

"Sina kitu ya kusema."

"Mama Perpétue, ukinyamaza, jaji atabaki na maneno ya Prokirere tu."

Aliendelea kutupa mawe madogo kutoka kwenye sinia. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Muzee Havugimana amesema, kama nasema bwana yangu alikuwa muzima, ni kusema nimechagua ndugu yangu. Nitatoka mu ile nyumba na batoto banabaki." Akaweka sinia chini. "Na kuko ingine mambo. Lakini ile sitakuambia weye."

Niliondoka nimekasirika naye, nimekasirika na Havugimana, nimekasirika na nafsi yangu kwa kukasirika na mjane. Sikujua atasema nini. Wakili anayempandisha mtu kuzungumza bila kujua atasema nini ni mjinga, hilo tunafundishwa mapema. Lakini sikuwa na mwingine.

Asubuhi ile kulikuwa na baridi na hakuna jani lililotikisika. Tulishuka kwenye magari tukatembea juu ya mawe meusi: majaji watatu, karani, Magistra Florent amekunja suruali, mimi nimeshika joho langu lisiguse umande. Ruffin aliletwa na polisi wawili, pingu mikononi. Watu wa jirani walisimama mbali. Havugimana alisimama karibu.

Shimo lenyewe halikutisha. Lilikuwa bonde dogo tu, majani ya kijani, kingo za mawe. Ungeliona ungedhani ni mahali pazuri pa kufungia ndama. Ndege mdogo alikuwa amelala chini katikati, miguu juu. Kuzunguka kingo zote vilisimama vijiti vyenye vitambaa vyekundu.

Président alimwomba mtumishi wa ofisi inayochunguza volkano atuonyeshe. Akafunga tochi ya majani makavu kwenye mti mrefu, akaiwasha, akainyoosha juu ya shimo. Ikawaka vizuri. Akaishusha taratibu. Usawa wa kifua, inawaka. Usawa wa kiuno, inasinzia. Chini kidogo ya hapo moto ukazimika ghafla, bila upepo, bila sauti, kana kwamba mtu ameubana kwa vidole.

Mimi ni mzaliwa wa hapa, na bado nilirudi nyuma.

"Mtu mzima akisimama humo wima, kichwa kinabaki juu ya hewa hiyo," mtumishi alieleza. "Watu wa hapa wanalijua hilo. Wanabana pumzi, wanaingia haraka, wanatoka. Shida ni kuinama. Ukiinama ukavuta pumzi mara moja au mbili, huinuki tena."

"Vijiti hivi nani aliviweka?" niliuliza kwa sauti.

Mmoja wa majirani alijibu kutoka mbali kwamba ni Twagirimana mwenyewe, baada ya kupoteza kondoo mwaka mmoja nyuma. Nikamwomba karani aandike. Twagirimana alilijua shimo lile kuliko mtu yeyote aliyesimama pale.

Magistra Florent hakutikisika. "Ndiyo sababu nasema, Monsieur le Président. Mtu aliyeweka alama kwa mikono yake angeingiaje humo kama kichwa chake kilikuwa sawa? Alama zenyewe zinashuhudia kwamba hakuwa sawa."

Nilimtazama kwa heshima na chuki kwa pamoja. Alikuwa amechukua kisu changu akakigeuza kunielekea.

Président akamwita Perpétue. Kwa sababu ya udugu hakuapishwa. Aliambiwa atoe habari tu, na mahakama itazipima. Alisogea mpaka kwenye kingo za shimo, kitenge cha maombolezo kimefungwa kiunoni, mikono imeshikana tumboni. Havugimana alikohoa. Kikohozi kile kilikuwa na maneno ndani yake, na sote tuliyasikia.

"Mama," Président alisema kwa Kiswahili, polepole, "bwana yako aliamka namna gani ile asubuhi?"

Ruffin alikuwa ameinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu nimjue, na alichomwambia dada yake kilinikata maini.

"Sema ile inakusaidia, dada. Usiniangalie miye."

"Nyamaza!" polisi akamfokea, na mimi pia nikamfokea, sote wawili kwa wakati mmoja.

Perpétue akavuta pumzi. "Aliamka muzima," alisema. "Alilalamika kidonda kinamuwasha. Alikula kiazi ya jana. Alinicheka ju nilikuwa nimevaa pull yake ya baridi. Hakuyumba."

"Kwa nini alikuja huku?"

"Mbuzi ilikata kamba. Ile mbuzi ya ndugu yangu. Tuliisikia inalia, tukaiona inateremuka mu shimo, kamba ikashikwa na jiwe." Akamgeukia jaji. "Kwetu, mbuzi ya musamaha inapaswa kulala kwa mwenye ilipewa. Ikikufa kabla ya kuchinjwa, ni kusema musamaha umekataliwa. Ugomvi unarudia."

"Kwa hiyo alienda kuiokoa."

"Hakutaka kwenda." Sauti yake ilipasuka sasa. "Alisema acha, jua litoke kwanza. Alisema ile shimo anaijua. Miye njo nilimuambia aende! Nilimuambia, weye unataka nibakie kati ya bwana na ndugu maisha yangu yote? Nenda ulete ile mbuzi. Alibana pumzi, akashuka. Alifika. Niliona alisimama muzuri kabisa. Kisha akainama kufungua kamba." Alielekeza kidole mahali ndege alipolala. "Pale. Aliinama pale. Nilipiga makelele. Nilitaka kushuka, ba voisin bakanishika."

Havugimana alitoa neno moja la Kinyarwanda ambalo sitaliandika, akageuka akaondoka juu ya mawe, akijikwaa. Perpétue hakumtazama. Alikuwa anamtazama kaka yake, na kaka yake alikuwa analia waziwazi, hawezi kujifuta kwa sababu ya pingu.

Nilipaswa kufurahi. Ndani yangu kulikuwa na wakili aliyefurahi, siwezi kudanganya, na nilimwonea aibu. Twagirimana alikuwa mzima, alijua hatari, alisitasita, akaamua. Majirani waliomshika mjane, ambao mpaka siku ile walikuwa wamefunga mdomo kwa kumwogopa Havugimana, walisema nao walimwona akishuka wima, na hao waliapa. Hakuna kizunguzungu.

Tuliporudi mahakamani kwa maneno ya mwisho, Magistra Florent alimtoa mbuzi. Nilijua atamtoa, lakini sikujua atamtoa vizuri namna ile.

"Maître Umuhire atawaambia mnyororo umekatika," alisema. "Mimi naomba tuushike pete kwa pete. Bila fimbo, hakuna kosa. Bila kosa, hakuna msamaha. Bila msamaha, hakuna mbuzi. Bila mbuzi, Twagirimana angekuwa anapalilia maharagwe leo. Nani alianzisha? Mshtakiwa mwenyewe amekiri: mbuzi wangu ndiye aliyemuua. Ondoa fimbo, na mtu huyu yuko hai. Sheria haitafuti zaidi ya hapo."

Watu wawili watatu walicheka kwa ajili ya mbuzi, kisha wakaacha, kwa sababu majaji hawakucheka. Jaji wa kushoto alikuwa anaandika. Maneno yale yalikuwa na mantiki safi, kila pete imeshika nyenzake. Nilisimama.

"Kwa hesabu hiyo," nilisema, "aliyemuuzia Ruffin yule mbuzi naye aje hapa. Wazee waliowapatanisha waje, maana bila wao mbuzi asingetolewa. Mama aliyemzaa Ruffin aje. Ukiuliza tu 'bila hiki, kile kingekuwepo?', hutapata pa kusimama, utarudi nyuma mpaka Adamu."

"Maître," Président alisema, "kwenye jambo lenyewe."

"Jambo lenyewe ni hili. Shtaka halisemi Ruffin alitoa mbuzi aliyesababisha kifo. Linasema alitoa kipigo kilichosababisha kifo. Basi tukifuate kipigo, tusimfuate mbuzi. Kipigo kilichana ngozi. Daktari alitafuta kazi nyingine ya kipigo ndani ya fuvu, hakuiona. Kama kingemlegeza Twagirimana akatumbukia, nisingekuwa na neno. Kama fuvu lake lingekuwa laini kuliko la wengine, nisingekuwa na neno, maana anayepiga humpokea mtu jinsi alivyo. Kama angekufa mikononi mwa muuguzi aliyeshona vibaya kidonda hicho, ningekuwa na maneno machache sana. Lakini asubuhi ile palikuwa na mtu mzima, mwenye akili zake, aliyeijua mazuku kuliko sisi sote, akasimama ukingoni na njia mbili mbele yake. Angeweza kungoja jua. Akaamua. Na hewa iliyomuua haikuhitaji msaada wa fimbo. Ingemuua hata kama asingepigwa kamwe. Fimbo ilikuwa sababu ya mbuzi kuwepo. Haikuwa sababu ya kifo."

Nilitaka kuongeza, kisha nikamwona Perpétue. Alikuwa amekaa benchi la nyuma, peke yake sasa, hakuna mkwe huku wala huku. Nikakaa.

Président alimpa Ruffin neno la mwisho, kama sheria inavyotaka. Nilimkazia macho: nyamaza. Akasimama.

"Nilimupiga shemeji yangu. Kwa ile naomba azabu," alisema. "Ile ingine, mutajua nyiye."

Ilikuwa hotuba bora kuliko yangu.

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata, ukumbi umejaa. Président alisoma kwa Kifaransa kwa sauti ya mtu anayesoma bei za sokoni, na Ruffin, asiyejua Kifaransa cha mahakama, alinitazama usoni akitafuta maisha yake humo. Mahakama ilisema kipigo kilikuwa cha makusudi na hakina udhuru. Ilisema aliyempiga mtu anabeba matokeo ya kipigo hata yakipitia mikono mingine, mradi kipigo kiwe bado kinatenda kazi ndani yake. Hapa, kati ya kipigo na kifo, uliingia uamuzi huru wa marehemu, aliyepona na kuijua hatari, na ikaingia hewa yenye nguvu ya kuua peke yake. Ile zawadi ya upatanisho ilikuwa tukio lililotangulia kifo, haikuwa kazi ya jeraha. Uhusiano kati ya kipigo na kifo haukuthibitishwa. Kosa likabadilishwa kuwa kupiga na kujeruhi kwa kawaida, kifungo cha miezi sita. Alikuwa amekaa ndani zaidi ya hapo tayari.

"Unaenda nyumbani," nilimnong'oneza.

Hakuruka, hakushukuru Mungu kwa sauti. Aliketi tu kama mtu aliyetuliwa mzigo, asiyeujua tena mgongo wake bila mzigo huo. Magistra Florent alifunga faili lake, akaniinamishia kichwa kwa upole wake ule ule. Hakukata rufaa, na sikumuuliza kwa nini.

Perpétue alikuwa ananingoja nje, kwenye ngazi. Nguo zake zilikuwa katika mfuko mmoja mkubwa wa plastiki karibu na miguu. Watoto walikuwa wamebaki kwa Havugimana. Nilimwambia kuna sheria pia kwa jambo hilo, kwamba mjane hafukuzwi hivi hivi wala hanyang'anywi watoto, kwamba nitaandika kesho asubuhi. Nilikuwa nimeshapandisha hasira tayari kwa vita hiyo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Maître," alisema, "siku ile ulieleza ile mambo ya munyororo. Ukasema fimbo haikuwa ndani yake. Mbuzi haikuwa. Ruffin hayuko ndani."

"Hayuko."

"Na miye? Miye nilimuambia aende. Niko wapi mu ule munyororo?"

Nina mdomo mkali, nimesema. Nilitafuta neno, nikapata lile la kisheria tu, kwa sababu ndilo pekee nililokuwa na hakika nalo.

"Aliamua mwenyewe, mama. Alikuwa mtu mzima. Sheria haikuoni kabisa ndani yake."

Alitikisa kichwa polepole, akainama, akauokota mfuko wake.

"Sheria iko na bahati," alisema.

Ruffin alikuwa anashuka ngazi nyuma yetu, mikono yake huru, hajui aiweke wapi. Perpétue alimpa mfuko aubebe, na wakaondoka pamoja kuelekea kituo cha magari ya Sake.